Tangazo la Taka kwenye Nyumba ya Gadi

Chumba cha kwanza maishani ambacho ufunguo wake ulikuwa wangu peke yangu kilikuwa namba tano, kwenye nyumba ya gadi mstaafu, Itigi. Kabla ya hapo nililala mwaka mzima jikoni kwa mwalimu mkuu, mimi na kuku wake. Nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi pale mjini, nyumba za walimu zimejaa, na mwanamke asiye na mume akitafuta chumba miaka ile aliulizwa maswali kama mtu anayeomba uraia. Anatoka wapi? Kinampanda. Mbona hajaolewa? Wageni wake watakuwa nani? Nilizunguka mji mzima nikijibu. Mwenye nyumba wa mwisho ndiye ambaye hakuniuliza kitu. Aliniangalia, akaangalia sanduku langu, akasema, "Chumba cha tano kiko wazi. Ufunguo huu hapa."

Nilimpenda mzee yule kwa sentensi ile, na nimelazimika kumkumbuka nayo kila nikitaka kumkasirikia.

Alikuwa gadi wa treni za mizigo, yule anayekaa behewa la mwisho na kuhakikisha kwamba kilichoondoka Dodoma ndicho kinachofika Tabora. Zilipokuja siku za kupunguza watu kazini, wakampunguza. Kiinua mgongo alikigeuza vyumba vinane kuzunguka ua, na ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara, mwekundu mwenye paji jeupe. Ng'ombe alikuwa wa mkewe kwa kila kitu isipokuwa jina la mwenye mali. Mama ndiye aliyemkamua, ndiye aliyeongea naye Kigogo jioni nzima, na maziwa yake ndiyo yaliyoendesha nyumba, kwa sababu kodi zetu zilikuwa zinafika kama treni za enzi hizo, leo au kesho, Mungu akipenda. Mzee mwenyewe alirudi kutoka relini na filimbi, bendera ya kijani na bendera nyekundu. Sijui kama alipewa au alijipa. Asubuhi alivaa koti lake la kazi, akaketi kwenye kiti cha uvivu karibu na geti, akaangalia watu wakitoka na kuingia. Ilikuwa inamuuma kukaa. Hilo lilionekana hata kwa mtoto.

Mwanzoni taka hazikuwa jambo. Tulimwaga nyuma ya choo, kama watu wote. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu na picha ukutani yakajaa sabuni za rangi zote, na kila kitu sasa kilitoka dukani ndani ya mfuko wa nailoni. Utotoni kwetu tulikwenda dukani na kikapu, chumvi ikafungwa kwenye karatasi ya daftari. Sasa chumvi mfuko, dagaa mfuko, mkate mfuko, na ndani ya mfuko mfuko mwingine. Upepo wa Itigi ukivuma, mifuko ilipaa ikaning'inia kwenye miba ya vichaka vyote vya pembeni mwa mji, na ukiangalia kwa mbali ungedhani vichaka vimechanua. Mbuzi wa jirani alikula mmoja au zaidi, akafa akiwa amevimba. Wiki hiyohiyo bwana afya wa kata alipita akasema kuna tishio la kipindupindu, na kila mwenye nyumba ahakikishe uwanja wake safi au atawajibishwa.

Bwana afya alisema hivyo kwa nyumba zote za mtaa ule. Wengine walifagia. Mzee wetu alitafuta kalamu.

Tangazo lilitoka Jumamosi. Tuliitwa uani kwa filimbi, akalisoma kwa sauti akiwa amesimama, koti limefungwa vifungo vyote. Nililisoma mwenyewe mara nyingi baadaye, na kusoma kwangu kuliniponza, kwa hiyo bado ninalo kichwani:

"TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE. Moja. Kuanzia Jumatatu hakuna kumwaga taka nyuma ya choo. Mbili. Taka ni za aina nne na kila aina ina njia yake. Maganda na mabaki ya chakula: debe la kijani, kwa matumizi ya ng'ombe. Kilichooza hakipokelewi. Majivu: yamwagiwe maji kwanza, yapoe kabisa, kisha yaende chooni. Chupa, makopo, misumari na betri: kreti. Chupa iliyovunjika ifungwe kwenye gazeti. Mifuko ya nailoni, makaratasi na matambara: kichanja cha getini, kusubiri kuchomwa shimoni kila Jumamosi. Upepo ukiwa mkali safari itaahirishwa. Tatu. Taka zitapokelewa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja kamili. Itakayochelewa italala kwa mwenyewe. Nne. Kila mzigo wa kichanja ufungwe na uwe na sili ya chumba. Tano. Nywele na kucha, kila mtu atajua mwenyewe. Sita. Mfuko wa nailoni usionekane chini. Mbuzi wa jirani ni mfano. Saba. Atakayeharibu tangazo hili atahesabiwa amehama."

Fundi redio wa chumba cha nane, ambaye mdomo wake haukuwa na kizuizi, aliuliza sili ni nini.

"Behewa la mizigo likishapakiwa linafungwa kwa waya na alama," Mzee alisema. "Likifika na alama yake nzima, hakuna mwizi. Likifika bila alama, gadi anajibu. Kila chumba kilete alama yake, niiandikishe."

"Taka zetu nani ataiba, Mzee?"

"Nani alijua kama watu wangeiba mataruma ya reli?"

Hoja ikaisha hapo. Fundi redio akaandikisha waya wa shaba alioutoa kwenye redio mbovu. Mama wa dagaa, mjane wa chumba cha pili aliyekuwa anauza dagaa na chumvi sokoni, akaandikisha utepe wa kitenge chekundu. Wengine uzi wa bluu, kamba ya katani, kipande cha soksi. Mimi nikaandikisha uzi mweusi, halafu nikauliza swali ambalo nilidhani ni la kawaida: kwa nini mifuko isubiri Jumamosi? Zamani kila mtu alichoma yake siku ileile.

Mzee aliandika uzi mweusi kwanza. "Mwalimu," akasema, "treni haiondoki kwa sababu abiria mmoja amefika."

Basi nikarudi chumbani, lakini ilikwisha kuandikwa mahali fulani kichwani mwake kwamba chumba cha tano kinapinga tangazo.

Kichanja alikitengeneza mwenyewe kwa fito, karibu na geti, kirefu cha kutosha ili mbwa wasifikie na kuku wasiparamie. Alipima na mkono. Tangazo akalikunja vizuri, maandishi yakiwa nje, akalitia kwenye mfuko unaoonyesha, kwa kuwa mvua zilikuwa zinakaribia. Mfuko aliupata kwa mama wa dagaa, ulikuwa na chumvi ya mawe. Akaufunga mdomo, akaufungia kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya kichanja, usawa wa macho ya mtu mzima. Tukasema sasa tumestaarabika.

Jumatatu saa kumi na mbili filimbi ililia, na hapo ndipo tulipogundua kwamba Mzee alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa shikamoo.

Debe la maganda lilikuwa miguuni pake. Kumwaga maganda ulipaswa kuinama mbele ya kiti chake. Lakini mzee wa umri ule huwezi kumpita bila kumwamkia, na huwezi kumwamkia umeshika maganda ya ndizi yanayotiririka maji, halafu umwage takataka zako mbele ya magoti yake wakati bado anaitikia marahaba. Kwetu sote pale, Wanyaturu, Wagogo, Wanyiramba, Waislamu kwa Wakristo, jambo hilo halikuwa na mjadala. Ni utovu wa adabu. Mama wa dagaa alitoka na sufuria ya maganda, akamwona Mzee, akarudi ndani. Akatoka tena na mfuko mweusi uliofungwa vizuri, akiwa ameuficha chini ya kanga. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba." "Marahaba, chumba cha pili." Akauweka mfuko juu ya kichanja taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akaondoka kinyumenyume.

Maganda yalikuwa ndani. Yameviringishwa pamoja na vichwa vya dagaa.

Kila mtu akafanya vilevile. Debe la kijani likabaki tupu na kichanja kikajaa mifuko iliyovimba, imefungwa kwa shaba, kitenge na soksi, na Mzee akakagua sili moja baada ya nyingine. Kilichomo ndani hakukiangalia. Gadi haangalii kilichomo ndani ya behewa, anaangalia sili. Alipomaliza akapunga bendera ya kijani kuelekea popote, akarudi kukaa.

Mimi peke yangu nilikuwa na shida nyingine. Mimi mfuko wa nailoni sikuwa natupa. Mfuko mzuri niliufua, nikauanika kwenye kamba, nikaenda nao tena dukani mpaka ulipotoboka, na ukitoboka nikafunikia madaftari ya wanafunzi. Nililelewa na mama ambaye hakutupa hata kifuniko. Kwa hiyo maganda yangu niliyaleta kwenye sinia ya bati, wazi kabisa, na kwa kuwa tangazo lilisema debe, nikayamwaga kwenye debe. Nikagonga sinia ukingoni mwa debe ili vilivyoshika vianguke. Koo-koo-koo. "Shikamoo, baba," nikasema huku ganda la papai likiteleza kuelekea kiatu chake.

"Marahaba," akasema, na akavuta mguu.

Ua mzima uliona. Jioni mama wa dagaa alikuja chumbani kwangu na sauti ya kunionea huruma. "Mwalimu, mwanangu, tunajua umesoma. Lakini mbele ya mzee?"

"Tangazo limesema debe, mama."

"Tangazo ni karatasi. Yule ni baba wa mtu."

Nilimjibu kwamba kama ni hivyo basi karatasi ingeandikwa "mbele ya mzee fanya vingine". Hakuongea nami siku mbili. Lakini mimi nina kichwa kigumu, na sikutaka kununua mifuko ili nitupe maganda yaliyopaswa kuliwa. Nikaendelea na sinia. Nilikuwa na mteja mmoja aliyefurahi. Mama mwenye nyumba alilivuta debe lile zizini asubuhi kabla ya ng'ombe kuondoka na kundi la mtaa, na ng'ombe alianza kuijua ile sauti. Nikigonga sinia, anaacha kucheua, anainua kichwa juu ya ukuta wa zizi, ananitazama. Nilikuwa na wanafunzi ambao hawakunitazama hivyo.

Kuhusu kichanja, Mzee alikuwa na tatizo nami. Kila asubuhi ilikuwa ni lazima mizigo yote iripotiwe, na chumba cha tano hakikuwa na mzigo.

"Mwalimu, sili yako sijaiona tangu tuanze."

"Sina mfuko wa kutupa, Mzee."

"Kila mtu ana mfuko wa kutupa. Nchi nzima ina mifuko ya kutupa."

"Mimi nafua."

Alifikiri. "Basi ulete taarifa kwamba huna."

Nikawa ninapita kila asubuhi, nikimwaga maganda, nikisema shikamoo, na kutoa taarifa kwamba sina. Mwalimu wa darasa la tano, mwenye cheti, anaripoti kutokuwa na taka. Fundi redio alikuwa anasimama mlangoni kwake kunisikiliza kwa raha zake.

Miezi ikapita, na jambo la ajabu likatokea: taka zikapungua. Jumatatu kichanja kinajaa, lakini ikifika Ijumaa mizigo ni michache kuliko iliyopokelewa, na Jumamosi moto wa shimoni unakwisha kabla chai haijachemka. Mzee alifurahi sana. Alituita kwa filimbi, akasema tangazo limefanya kazi, watu wamejifunza. Bwana afya akaletwa akaonyeshwa. Akasema uwanja ule ungefaa kuwa mfano wa kata nzima, akanywa maziwa vikombe viwili, akaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mfuko uliofungwa sili unakwenda wapi. Mimi nilidhani watoto wa mtaa wanaiba ili watengeneze mipira. Fundi redio alidhani ni mimi ninaichukua na kuifua.

Halafu tangazo likatoweka.

Siku hiyo nilichelewa shule nikisahihisha madaftari, nikarudi jioni nikakuta watu wamesimama getini wakitazama nguzo. Kamba ya katani ilikuwepo, imekatika. Mfuko haupo, karatasi haipo. Mzee alikuwa amesimama na bendera nyekundu mkononi. Sidhani alijua kwamba ameishika.

Kikao kilikaa usiku huohuo. Kilikuwa kifupi, kwa sababu kila mtu alishajua. Nani aliuliza swali siku ya kwanza? Chumba cha tano. Nani hana sili? Chumba cha tano. Nani anamwaga uchafu miguuni pa mzee? Na fundi redio, bila ubaya wowote, kwa ule mdomo wake tu, akasema kwamba asubuhi ile alipokwenda kazini aliniona nimesimama mbele ya tangazo nikilisoma.

"Nilikuwa napita, nikasoma," nikasema.

"Mwalimu," mama wa dagaa akauliza kwa upole, "mtu anayejua kilichoandikwa anasoma tena ili iweje?"

Nilitaka kusema kwamba watu husoma. Lakini niliwaangalia wote, nikaona nikisema hivyo nitaonekana nina kiburi, na nikinyamaza nitaonekana nina hatia. Nikasema. Nikaonekana nina kiburi.

Mzee hakupandisha sauti. "Kifungu cha saba kinajulikana," akasema. "Sikukiandika kwa ajili ya chumba kimoja. Mwisho wa mwezi utaleta ufunguo."

Niliingia chumbani, nikafunga mlango kwa ufunguo ule, nikakaa kitandani. Nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni, ingawa ukilia peke yako tofauti haionekani. Nilijua nitarudi wapi. Mwalimu mkuu alikuwa bado ana jiko, na jogoo wake alikuwa bado hajui Jumapili. Nyumba nyingine zote mjini zilishaniuliza maswali yake, na sasa zingekuwa na swali jipya: huyu si ndiye aliyefukuzwa kwa gadi? Mama mwenye nyumba alinigongea akaniachia kikombe cha maziwa mlangoni. Katika nyumba ile mume aliandika na mke alikamua, na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake.

Nilianza kufunga vitu. Asubuhi niliendelea kuleta sinia yangu. Nilisema kama nahama, nahama nikiwa nafuata tangazo. Nikagonga debe kwa nguvu kuliko kawaida. Nikagonga tena, maana ng'ombe hakuinua kichwa.

Mama akaja mbio kutoka zizini akifuta mikono. "Tangu jana jioni hacheui," akasema.

Ng'ombe alikuwa amesimama ameinamisha shingo. Ubavu wa kushoto ulikuwa umejaa, mgumu, na kinyesi hakuna. Watu wakaleta kila walichojua. Wakamnywesha mafuta ya alizeti kwa chupa, wakamtembeza uani, wakamkanda. Mama wa dagaa alisema ni jicho la mtu, na akajitahidi asinitazame. Siku ya pili Mzee akamleta bwana mifugo, amembeba kwenye baiskeli pamoja na mfuko wake wa ngozi. Bwana mifugo akasukuma ngumi kwenye ule ubavu, akasubiri, akasukuma tena. Alama ya ngumi ikabaki, kama unavyobonyeza unga.

"Ana kitu ndani," akasema. "Kimejaa tumbo lote la kwanza."

"Kutolewa?" Mzee akauliza.

"Kuna madaktari wanaopasua na kutoa. Hapa sina dawa ya ganzi, sina uzi, na huyu hatangoja mpaka nivipate." Akaangalia chini. "Achinjwe kabla hajafa, Mzee, mpate japo nyama."

Mama mwenye nyumba aligeuka akaingia ndani. Fundi redio, ambaye ndiye Mwislamu aliyetuchinjia kuku wa sikukuu zote, za Idi na za Krismasi, akaenda kunoa kisu. Hakusema neno. Ni mara ya pekee ninayoikumbuka.

Alipochunwa, bwana mifugo akasema tulieni, mwone wenyewe. Akapasua tumbo lile kubwa. Nilitegemea majani. Lilitoka dude la ukubwa wa mto wa kulalia, jeusi, limesokotana, linanuka. Akalimwagia maji, akaanza kulivuta vipande vipande na kuvitandaza juu ya turubai. Mifuko. Mifuko myeusi, myeupe, ya milia, imekazana kama kamba. Na kwenye midomo ya ile mifuko sili zilikuwa bado zimefunga.

Mzee akachuchumaa. Akachukua mmoja, akageuza fundo. "Chumba cha nane," akasema, waya wa shaba ukimetameta. Akauweka kando. "Chumba cha pili." Utepe wa kitenge. "Chumba cha pili. Chumba cha sita. Chumba cha pili." Alikuwa anaita kwa sauti ileile ya asubuhi, na kila aliyeitwa alisogea nyuma kidogo. Mama wa dagaa alishika kanga mdomoni. Mifuko yake ndiyo iliyokuwa mingi, maana ilikuwa na chumvi na vichwa vya dagaa, na ng'ombe kwa chumvi hana adabu. Bwana mifugo akauliza mifuko ilikuwa inawekwa wapi. Tukamwonyesha kichanja. Akasimama kando yake, akanyoosha mkono. Mbwa hafiki, kuku hafiki. Ng'ombe anafika bila hata kuinua shingo. Jioni akirudi na kundi anapita pale, Mzee yuko ndani anasikiliza taarifa ya habari, mama anaosha ndoo ya kukamulia, na meza imeandaliwa tangu asubuhi, mlo umefungwa vizuri, tena una alama.

"Chumba cha tano?" fundi redio akauliza, mdomo umemrudia.

Mzee alipekua mpaka mwisho. "Haimo," akasema.

Na usidhani walifurahi kwa ajili yangu. Walinitazama kama mtu ambaye hakuchangia msiba.

Mfuko wa mwisho ulikuwa ule unaoonyesha. Ulikuwa umetafunwa upande mmoja na karatasi ya juu imekuwa uji, lakini upande wa chini, fundo lilipokaza, ulibaki mkavu kiasi. Mzee aliufungua kwa kucha. Akaikunjua karatasi juu ya goti lake. Sisi tuliokuwa nyuma yake tuliona mwandiko: nywele na kucha, kila mtu atajua mwenyewe. Mbuzi wa jirani ni mfano. Atakayeharibu tangazo hili atahesabiwa amehama. Alisoma kimya, midomo ikitembea, halafu akasoma tena, yeye aliyejua kilichoandikwa.

"Basi ndiye aliyehama," fundi redio akasema.

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye hakutaka kuchekesha.

Mzee akainuka kwa shida. Aliniangalia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mwalimu," akasema, "ule ufunguo kaa nao." Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa siku zile zote, na nilikuwa nimeandaa ya kumjibu, makali, yenye vifungu. Nilisema tu, "Asante, baba." Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa umelala pale chini umechunwa.

Bwana mifugo akasema nyama haina ubaya, matumbo yatupwe. Mama mwenye nyumba akatoka ndani, amejifunga kanga kiunoni, akaketi na shoka na kisu kugawa. Nyama ya msiba wa nyumba haiuzwi kwa waliomo. Kila chumba kinapata fungu lake. Na hapo kila mmoja akasimama akijiuliza atabebea nini. Siku nyingine zote angechomoa mfuko mfukoni. Hakuna aliyethubutu. Mmoja akaenda kuleta sufuria, mwingine beseni, fundi redio akaja na kifuniko cha redio kubwa, kimefutwa. Na njia ya kurudi vyumbani ilipita mbele ya kile kiti. Wakapita mmoja mmoja, nyama wazi mikononi, damu ikichuruzika kwenye vidole. "Shikamoo, baba." "Marahaba, chumba cha sita." "Shikamoo, baba." "Marahaba, chumba cha pili." Mama wa dagaa alikuwa analia, na hakuwa na mkono wa kujifuta.

Mimi nikaja wa mwisho na sinia yangu ya bati, nimeiosha mara mbili. Ilikuwa ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Mama mwenye nyumba aliipokea. Ilipogusa ukingo wa beseni lake ikalia, koo, na mkono wake ukasimama hapo hapo. Akatazama ukuta wa zizi.

"Alikuwa anaijua hii," akasema.

Akaniwekea fungu langu, akaongeza na kipande kingine, akanirudishia sinia kwa mikono miwili. Nikapita getini, nikamwamkia Mzee, akaitikia. Nikafungua chumba changu kwa ufunguo wangu, nikaweka nyama mezani, na sikuwasha jiko.